Umetambuliwa, Lakini Humo Daftarini

Mwalimu aliingia ofisini kwangu saa mbili na nusu asubuhi, simu mkononi, miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, "lakini huo mfumo wenu leo umenikana."

Nilikuwa fundi wa mifumo katika chuo kimoja cha ualimu, na "mfumo wetu" ulikuwa Moodle, programu ya masomo ambamo walimu huweka notsi, hupokea kazi za wanachuo na kuandika alama. Wiki moja kabla ya hapo tulikuwa tumebadili namna ya kuingia. Zamani kila mtu alikuwa na nywila ya Moodle na nyingine ya barua pepe ya chuo, na nusu ya kazi yetu ilikuwa kuwafungulia watu waliosahau mojawapo. Tukataka nywila iwe moja. Ukibonyeza "Ingia", Moodle inakupeleka kwenye ukurasa wa barua pepe ya chuo. Unaandika nywila yako huko, unathibitisha kwa namba inayotumwa kwenye simu, kisha unarudishwa Moodle ukiwa umeshaingia.

Mwalimu alifanya yote hayo mbele yangu. Nywila ikakubaliwa, namba ya simu ikakubaliwa, ukurasa ukazunguka na kurudi Moodle. Hapo ukatokea ujumbe uliosema, kwa maana yake, kwamba ameingia salama ila hana akaunti katika mfumo huu.

"Sasa nimeingia au sijaingia?" akaniuliza.

Tangu Ijumaa alikuwa ameshabadilisha nywila mara tatu, maana ndivyo alivyoelekezwa kwa simu na mwenzetu wa dawati la msaada. Ilikuwa wiki ya kuandika alama, na yeye alikuwa na madarasa matatu ya Hisabati. Siku tatu za mtu mzima zilipotea kwa kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Tatizo lake nimekuja kuliona tena katika mifumo mingi, na chanzo chake ni kuchanganya mambo mawili ambayo mtaani hatuyachanganyi kabisa. Mtu wa Tanzania akitakiwa kujitambulisha benki, mara nyingi huenda kwanza serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho. Mtendaji anaandika kwamba huyu tunamfahamu na anaishi hapa, anabandika picha na kupiga muhuri. Karani wa benki anaisoma barua, anautazama muhuri, anaridhika. Sasa anajua mbele yake kasimama nani. Lakini akilifungua daftari la wateja, jina hilo halimo. Barua ni ya kweli, na mtu hana akaunti. Hakuna aliyesema uongo.

Ukurasa wa barua pepe ya chuo ndio ofisi ya mtaa. Nitauita mtambulishaji, kwa kuwa kazi yake ni hiyo tu, kukutambulisha kwa wengine. Moodle ndiyo benki. Kati yao hupita barua, na barua hiyo ina lugha yake maalumu. Sisi tulitumia SAML, ambayo toleo lake la 2.0 lilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005. Mifumo mingi mipya hutumia OpenID Connect, iliyotoka mwaka 2014. Kwa habari hii ya leo tofauti zao si kubwa. Zote mbili hubeba muhuri wa kidijitali wa mtambulishaji, muda ambao barua ni halali, jina la programu inayoandikiwa, na alama ya kumtambua mtumiaji.

Kilichomo ni hicho, na nywila haimo. Nywila ya mwalimu iliishia kwa mtambulishaji, Moodle haikuiona wala haikuihitaji. Ndiyo maana kuibadilisha kulikuwa bure. Ukifika kwenye ujumbe wa "huna akaunti", maana yake nywila ilishakubaliwa na mambo yake yamekwisha. Kama ningeweza kubandika karatasi moja tu juu ya kila dawati la msaada, ningeiandika sentensi hiyo.

Barua ikifika, Moodle inafanya kazi kwa mpangilio. Inakagua muhuri. Inakagua muda, ambao kwa kawaida ni dakika chache tu, hivyo saa ya seva ikipotea sana barua hukataliwa hata kama ni halali. Inaangalia kama barua imeandikiwa yenyewe. Baada ya hapo inachukua ile alama ya mtumiaji na kwenda kuitafuta katika daftari lake, ambalo ni jedwali linaloitwa `mdl_user`. Muhuri au muda ukiwa na kasoro, utaona ujumbe wa aina nyingine kabisa. "Huna akaunti" ni sauti ya hatua ya mwisho, na kuisikia kunakuambia kwamba zote zilizotangulia zimepita.

Ila hakikisha kwanza ni nani anayezungumza. Tazama anwani iliyo juu ya kivinjari wakati ujumbe uko mbele yako. Ikiwa bado uko kwenye ukurasa wa mtambulishaji, basi barua haijaandikwa hata kidogo, na shida iko huko. Kwa mfano, wanaotumia huduma ya Microsoft wataona namba `AADSTS50105` endapo mtumiaji hajapewa ruhusa ya kuifikia programu ile. Hapo hata ukikesha unapekua daftari la Moodle hutapata kitu. Anwani ikiwa ya programu yenyewe, ndipo ufungue daftari.

Kuna jambo jingine dogo la kutazama mapema, hasa kwenye chumba cha walimu chenye kompyuta mbili kwa watu kumi. Mtambulishaji huikumbuka sura ya mwisho iliyopita. Mwenzako akiondoka bila kujitoa, wewe ukibonyeza "Ingia" unaweza kuandikiwa barua yenye jina lake, bila kuulizwa nywila. Au kivinjari kinashikilia akaunti yako binafsi ya barua pepe badala ya ile ya kazini, na barua inaandikwa kwa hiyo. Programu itasema haikujui, nayo itakuwa imesema kweli. Ukurasa wa faragha wa kivinjari, ambao hauna kumbukumbu ya waliotangulia, hulimaliza hilo kwa dakika moja. Kwa mwalimu wetu nilijaribu hivyo kwanza, jibu likawa lile lile.

Basi nikaamua kuisoma barua yenyewe. Kuna nyongeza ya kivinjari inayoitwa SAML-tracer, ambayo huonyesha barua jinsi inavyopita. Nikaiwasha, mwalimu akaingia tena, tukaisimamisha barua kwenye kioo. Majina niliyoweka hapa ni ya mfano, ila umbo ndilo hili:

```
<saml:NameID
  Format="urn:oasis:names:tc:SAML:1.1:nameid-format:emailAddress">
  A.Juma@chuo.example
</saml:NameID>
```

Mtambulishaji, kwa maneno mengine, alikuwa anasema: huyu ni mwenye anwani ya barua pepe `A.Juma@chuo.example`. Nami nilijua kwamba Moodle yetu imeelekezwa kuchukua anwani hiyo na kuilinganisha na safu ya `username`. Nikamwomba mwalimu namba yake ya ajira, nikaitafuta katika daftari:

```
SELECT id, username, email, auth
FROM mdl_user WHERE username = 't0427';

418 | t0427 | ajuma71@mail.example | manual
```

Akaunti yake ilikuwapo. Ilikuwapo kwa miaka mitatu, na alama zote za wanachuo wake zilikuwa ndani. Ila ilijulikana kwa jina jingine.

Safu hiyo moja ilieleza kila kitu. Akaunti za mwanzo za chuo zilifunguliwa kwa orodha aliyoikusanya katibu muhtasi, na yeye alitumia namba ya ajira kuwa jina la kuingilia, uamuzi mzuri sana ambao hakuna aliyemshukuru. Wakati huo walimu wengi hawakuwa na barua pepe ya chuo, kwa hiyo kwenye safu ya barua pepe waliandika anwani zao binafsi. Na ile `manual` ya mwisho ilikuwa na maana kwamba akaunti imewekwa iingiwe kwa nywila ya Moodle yenyewe, si kwa barua ya mtambulishaji. Kwa hiyo hata majina yangelingana, angekutana na ukuta wa pili: Moodle ingemjua, kisha ingemwambia haruhusiwi kuingia kwa njia hiyo. Kulikuwa hata na ukuta wa tatu ukisubiri. Majina ya kuingilia katika Moodle huhifadhiwa kwa herufi ndogo, na mtambulishaji wetu alikuwa anatuma herufi kubwa mwanzoni mwa majina. Kwetu sisi `A.Juma` na `a.juma` ni mtu mmoja. Kwa programu inayolinganisha herufi kwa herufi ni watu wawili.

Nilimweleza mwalimu nilichokiona. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama yule mtoto anayeitwa jina moja nyumbani na jingine shuleni. Mwalimu anamwita, na yeye kakaa kimya darasani, hajui kama ndiye." Sijapata mfano bora zaidi ya huo.

Ningetamani kusema kwamba tulirekebisha siku hiyo hiyo kwa utulivu. Hatukufanya hivyo. Simu zilikuwa zinaita, walimu wengine kumi walikuwa wamekwama, na mkuu wetu wa idara alitaka watu waingie kabla ya saa sita. Katika ukurasa wa mipangilio kulikuwa na swichi yenye maneno `Auto create users`, nayo ilikuwa imezimwa. Tukaiwasha.

Swichi hiyo ndiyo inayoleta kile ambacho mafundi hukiita kufungua akaunti papo hapo. Fikiria karani wa benki aliyeambiwa hivi: mtu akija na barua yenye muhuri halali, na jina lake humkuti daftarini, usimrudishe. Mfungulie akaunti hapo hapo kwa kutumia yaliyomo kwenye barua. Jina la kwanza, jina la ukoo, anwani ya barua pepe, na ile alama ya kumtambua, vyote vinanakiliwa kutoka kwenye barua na kuandikwa kwenye mstari mpya. Mtumiaji haoni lolote. Anaingia mara ya kwanza kana kwamba alikuwapo siku zote.

Kwa mtu mgeni kabisa ni msaada mkubwa. Mwalimu aliyeajiriwa jana na kupewa barua pepe ya chuo leo anaingia Moodle bila kuandika ombi, bila kusubiri fundi, bila orodha ya katibu. Sharti ni kwamba barua iwe na kila kinachohitajika. Mtambulishaji asipotuma jina la ukoo, programu nyingine hukataa kufungua, nyingine hufungua akaunti yenye nafasi tupu na kumlazimisha mtu ajaze mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha swichi ni lazima kuisoma barua moja nzima na kuhakikisha kila safu ya lazima ina kitu cha kujaza.

Lakini karani huyo ana udhaifu mmoja, nao ndio uliotuumiza. Yeye hajui kutofautisha mtu mgeni na mtu wa zamani aliyeitwa kwa jina jingine. Kwake wote "hawamo daftarini".

Saa tano na robo mwalimu wa Hisabati alipiga simu. "Nimeingia, mwanangu, nashukuru. Ila wanafunzi wangu wako wapi?"

Alikuwa ameingia kwenye akaunti mpya, namba 903, yenye jina lake kamili na isiyo na darasa hata moja. Akaunti ya 418, yenye madarasa matatu na alama za miaka mitatu, ilikuwa bado imekaa pale pale, haina mtu wa kuifikia. Mtu mmoja, akaunti mbili. Sisi tulizoea kuziita mapacha.

Ajabu ni kwamba si kila mtu alipata pacha. Walimu wachache walikuwa wamewahi kubadilisha anwani kwenye akaunti zao za zamani, wakaweka ya chuo. Hao walipojaribu kuingia, Moodle ilikataa kuwafungulia akaunti mpya kwa sababu anwani ile tayari ina mwenyewe, maana mfumo wetu haukuruhusu watu wawili watumie anwani moja. Wakabaki nje na ujumbe mpya usiofanana na ule wa asubuhi. Asubuhi tulikuwa na shida moja inayofanana kwa wote. Mchana tulikuwa na mbili, na mojawapo ilikuwa imeshaanza kukusanya data. Wawili kati ya wenye mapacha hawakutambua kilichotokea, wakaomba kuunganishwa upya na madarasa yao, wakaanza kuandika alama kwenye akaunti mpya.

Tulizima swichi saa tisa. Kazi tuliyopaswa kuifanya mwanzo tukaifanya siku mbili zilizofuata, na ilianza na swali moja: pande mbili zimtambue mtu kwa kitu gani?

Barua pepe ndiyo jibu linalokuja haraka, kwa sababu kila mtu anayo na inasomeka. Ni jibu baya. Dada anaolewa, anabadili jina la ukoo, ofisi inambadilishia anwani, na kesho yake programu haimjui tena; swichi ikiwa imewashwa anapata pacha. Mtu anaandikwa kwa kosa la herufi siku ya kuajiriwa, linasahihishwa baada ya mwezi, yanatokea yale yale. Baya zaidi ni lile la anwani kurithiwa. Juma mmoja anastaafu, anwani yake inafungwa. Baada ya mwaka anaajiriwa Juma mwingine mwenye herufi ile ile ya mwanzo, naye anapewa anwani iliyo wazi. Siku ya kwanza anapoingia, programu inamkuta daftarini. Inamfungulia mlango wa akaunti ya mstaafu, pamoja na kila kilichomo. Hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja, na hilo ndilo linalonitisha kuliko ule wa "huna akaunti", ambao angalau unapiga kelele.

Walioandika kanuni za OpenID Connect walilijua hilo. Wameeleza wazi kwamba kinachoweza kutegemewa kumtambua mtumiaji bila kukosea ni vitu viwili vikiwa pamoja: `iss`, yaani nani aliyetoa barua, na `sub`, yaani alama aliyopewa mtu huyo na mtoaji, ambayo haitolewi tena kwa mwingine. Barua pepe haimo. Kuna programu zilizolipuuza hilo. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Descope walionyesha udhaifu walioupa jina nOAuth: katika huduma ya utambulisho ya Microsoft, mtu aliweza kujiandikia anwani ya barua pepe isiyo yake na isiyothibitishwa, kisha akaingia kwenye programu zilizokuwa zinamtafuta mtumiaji kwa anwani hiyo peke yake. Muhuri kwenye barua ulikuwa halali kabisa. Programu ilikuwa inasoma mstari usiofaa.

Sisi tulikuwa na bahati ya yule katibu muhtasi. Namba ya ajira haibadiliki mtu akiolewa, haipewi mtu mwingine, na ilikuwapo pande zote mbili. Tatizo lilikuwa kwamba mtambulishaji hakuwa ameambiwa aiweke kwenye barua. Tukamwelekeza aitume kwa jina la `uid`. Barua mpya ikawa na mstari huu ndani yake:

```
<saml:Attribute Name="uid">
  <saml:AttributeValue>T0427</saml:AttributeValue>
</saml:Attribute>
```

Upande wa Moodle tukaielekeza ichukue `uid`, iigeuze kuwa herufi ndogo, kisha iilinganishe na `username`. Halafu tukapitisha orodha ya kubadili akaunti zote za zamani kutoka `manual` kwenda `saml2`, ili zikubali kufunguliwa kwa barua:

```
username,auth
t0427,saml2
```

Hatukuwasha swichi bado. Kwanza tulichukua orodha ya wafanyakazi ya mtambulishaji na orodha ya akaunti za Moodle, tukaziweka sambamba na kutafuta namba zilizo upande mmoja na hazipo upande wa pili. Walimu wanne walikuwa na akaunti za zamani ambazo namba zake ziliandikwa vibaya, tarakimu mbili zimepishana. Hao ndio wangekuwa mapacha wa awamu ya pili. Tukawasahihisha kwa mkono. Kisha mwalimu wa Hisabati akaja kutusaidia kujaribu, akaingia, akayakuta madarasa yake matatu. Baada ya wengine watano kuingia vizuri, ndipo tukaiwasha, na safari hii ilibaki na kazi moja tu, kuwafungulia wale ambao kweli ni wageni.

Mpangilio huo nausisitiza kwa kila anayeniuliza. Alama ya kumtambua mtu iamuliwe kwanza, akaunti za zamani zilinganishwe nayo, na kufungua papo hapo kuje mwisho. Ukigeuza, swichi inaficha kosa la majina kwa kutengeneza watu wapya, na utalikuta limeshakuwa kubwa.

Hata ikiwashwa kwa wakati wake, kufungua papo hapo kuna mipaka inayotokana na jinsi kunavyofanya kazi. Akaunti huzaliwa dakika ile mtu anapoingia, haipo hata sekunde moja kabla. Mkuu wa taaluma akitaka kumpangia mwalimu mpya madarasa wiki moja kabla hajaripoti, hatalikuta jina lake kwenye orodha. Na akaunti ikishazaliwa, haina cheo wala darasa, isipokuwa barua ilikuwa imebeba habari hizo na programu imefundishwa kuzisoma. Mwalimu mgeni anaweza kuingia vizuri, akaona ukurasa mtupu, akadhani mfumo umeharibika. Kwetu tulimalizia jambo hilo kwa njia ya kizamani: ukurasa wa kwanza wa Moodle ukawa na maneno yanayomwambia mgeni ampigie nani ili aunganishwe na madarasa yake.

Upande wa kuondoka ni mgumu zaidi. Karani anafungua akaunti mtu anapokuja na barua. Mtu akiacha kazi, hakuna barua inayokuja kusema ameondoka. Kuna ukimya tu. Mtambulishaji anamfungia, hivyo hawezi kuandikiwa barua mpya, lakini mstari wake daftarini unabaki hai. Kama alikuwa ameshaunganisha programu ya simu, tiketi iliyohifadhiwa kwenye simu hiyo inaweza kuendelea kufanya kazi kwa muda wake wote bila kumrudia mtambulishaji. Nani anayekumbuka kuifuta?

Kwa pengo hilo ulitengenezwa utaratibu mwingine, SCIM, uliochapishwa kuwa kanuni rasmi mwezi Septemba 2015. Humo mtambulishaji hasubiri mtu aje mlangoni. Anaituma habari mwenyewe kwa programu: mfungulie huyu, mbadilishie huyu jina, huyu msimamishe. Ni kama ofisi ya mtaa inayopeleka benki orodha mpya ya wakazi kila mara, wakiwamo waliohama. Programu nyingi kubwa za kulipia wanauelewa utaratibu huo. Nyingine huutoa kwa vifurushi vya bei ya juu pekee, na kwa taasisi ndogo hilo si jambo dogo. Chuo chetu hakikuwa nao. Tukakubaliana na ofisi ya utumishi itutumie majina ya walioondoka kila mwisho wa mwezi, nasi tuzisimamishe akaunti zao kwa mkono. Kusimamisha, si kufuta, kwa sababu alama walizoandika lazima zibaki na jina la aliyeziandika.

Kilichobaki kilikuwa mapacha wa ile Jumatatu. Moodle yenyewe haina njia ya kuunganisha akaunti mbili kuwa moja. Kuna nyongeza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo huhamisha kila kilichoandikwa kwa namba moja kwenda kwa nyingine, ila kazi yake hairudishwi nyuma isipokuwa kwa nakala ya akiba ya daftari zima. Akaunti zilizokuwa tupu, kama ile 903, tulizisimamisha tu bila kuunganisha chochote, na wenyewe wakarudi kwenye za zamani. Zile mbili zilizokuwa zimeandikwa alama tulikaa na walimu wenyewe, mmoja mmoja, nakala ya akiba ikiwa imeshachukuliwa, tukazipitia alama mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza. Ya mwisho ilituchukua mchana mzima, kwa sababu mwanachuo mmoja alikuwa na alama mbili tofauti za zoezi moja, na mwalimu ilibidi aende kabatini kuitafuta karatasi yenyewe.